Jinsi ya kujitengenezea jedwali la marejesho ya mkopo kwenye Excel, ujue kila mwezi riba ni ngapi na deni limepungua ngapi

Watu wengi wenye mkopo wanajua namba moja tu, ile inayokatwa kila mwezi. Ukimuuliza mtu amebakiza deni kiasi gani anachukua makato anazidisha na miezi iliyobaki, halafu siku akienda benki kutaka kumaliza mapema anaambiwa namba nyingine kabisa na anaanza kuhisi kaibiwa. Mara nyingi hajaibiwa, ila hana jedwali, na bila jedwali hata akiibiwa kweli hawezi kujua. Kwa hiyo tulitengeneze hapa, mstari kwa mstari, kwa fomula ambazo unaweza kuzikopi zilivyo.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho: mkopo wa shilingi 6,000,000, riba asilimia 18 kwa mwaka, unalipwa kwa miezi 12, riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua. Ukiweza huu wa miezi 12, wa miaka 5 au wa nyumba wa miaka 20 ni hivyohivyo, unaburuta fomula chini tu mistari inakuwa mingi. Na sio lazima iwe Excel, fomula zote hizi zinakubali kwenye Google Sheets na LibreOffice Calc, hata kwenye simu, ingawa kwenye simu utachoka kuandika zile alama za dola.

Kwanza elewa rejesho linagawanywaje

Hapa ndipo kila kitu kilipo, kwa hiyo usiruke. Mwezi wa kwanza unadaiwa 6,000,000. Riba ya 18 kwa mwaka ukiigawa kwa 12 unapata asilimia 1.5 kwa mwezi, na asilimia 1.5 ya milioni 6 ni 90,000. Hiyo elfu 90 ndiyo kodi ya kukaa na hela ya watu mwezi mzima. Rejesho lako (tutalipata kwa fomula muda si mrefu) ni 550,080. Toa 90,000 inabaki 460,080, na hiyo iliyobaki ndiyo inayopunguza deni la msingi. Deni sasa ni 5,539,920.

Mwezi wa pili riba haihesabiwi tena kwenye milioni 6, inahesabiwa kwenye hiyo 5,539,920, inakuja 83,099. Rejesho ni lilelile 550,080 lakini sasa kwenye deni inaingia 466,981. Unaona, makato hayajabadilika ila mgawanyo umebadilika, riba imeshuka karibu elfu 7 na hiyo elfu 7 imehamia upande wa kupunguza deni. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Kumbuka mpangilio wake: riba ndiyo inahesabiwa kwanza kutoka kwenye salio, na kinachobaki kwenye rejesho ndicho kinachopunguza deni. Hakuna mtu anayepanga mgawanyo, unatoka wenyewe kwenye salio.

Sehemu ya juu, taarifa za mkopo

Fungua shiti mpya. Kolamu A andika majina, kolamu B andika namba: A1 Mkopo, A2 Riba kwa mwaka, A3 Idadi ya miezi, A4 Tarehe ya kuchukua, A5 Rejesho la mwezi. Kisha B1 weka 6000000, B2 weka 18%, B3 weka 12, B4 weka tarehe uliyopokea hela, kwa mfano wetu tuseme tarehe 5 Januari 2026.

Kuna mambo mawili hapo yanawakwamisha watu kabla hata hawajaanza. La kwanza, usiandike 6,000,000/= wala TSh 6,000,000 kwenye seli, kwa sababu Excel ikiona hiyo /= inadhani umeandika maneno, na fomula zote zinazotegemea seli hiyo zitakuletea `#VALUE!`. Dalili yake ni kwamba namba inakaa upande wa kushoto wa seli wakati namba halisi inakaa kulia. Andika tarakimu tupu, mikoma utaiweka baadaye kwenye fomati. La pili, ile alama ya asilimia iandike mwenyewe. Ukiandika 18 tupu kwenye seli ya kawaida inasomeka kama asilimia 1,800, na utaletewa rejesho la zaidi ya milioni 9 kwa mwezi. Hilo angalau linashtua ukaliona. Kinyume chake ndiyo hatari zaidi: saccos na vikundi vingi wanataja riba kwa mwezi, wanakwambia asilimia moja na nusu, wewe unaandika 1.5% kwenye B2 halafu fomula inaigawa tena kwa 12, unapata riba ya mwezi wa kwanza 7,500 badala ya 90,000 na unafurahi mkopo ni wa bei chee. Ukipewa riba ya mwezi izidishe kwa 12 kwanza ndo uiweke B2.

Sasa B5, rejesho:

```
=ROUND(PMT(B2/12,B3,-B1),0)
```

`PMT` inachukua riba ya kipindi kimoja, idadi ya vipindi, na kiasi cha mkopo, inakupa malipo yaliyo sawa kila mwezi yatakayomaliza deni lote. Kile kistari cha kutoa mbele ya B1 ni kwa sababu Excel inahesabu hela inayoingia na inayotoka kwa alama tofauti, usipokiweka unapata rejesho hasi, sio kosa la hesabu ila litakuharibia jedwali zima huko chini. `ROUND` inaondoa senti, kwa sababu hakuna anayelipa senti. Hapo B5 inatakiwa isome 550,080. Kama kwako haisomi hivyo usiendelee, rudi uangalie B1 mpaka B3. Na kama upo sehemu ambako kompyuta imewekwa lugha ya Ulaya, mfano Kijerumani au Kifaransa, mikoma ndani ya fomula inaweza kukataliwa, weka nukta-mkato badala yake.

Jedwali lenyewe

Mstari wa 8 weka vichwa, kuanzia A mpaka H: Mwezi, Tarehe, Salio la mwanzo, Rejesho, Riba, Deni la msingi, Nyongeza, Salio la mwisho. Kolamu ya Nyongeza acha tupu kwa sasa, ni ya siku ukipata hela za ziada ukataka kupunguza deni, na ni bora iwepo tangu mwanzo kuliko kuja kuichomeka katikati wakati fomula zishakaa.

Mstari wa 9, mwezi wa kwanza, andika hivi, kila fomula kwenye seli yake:

```
A9:  1
B9:  =EDATE($B$4,A9)
C9:  =B1
D9:  =IF(A9=$B$3,C9+E9,MIN($B$5,C9+E9))
E9:  =ROUND(C9*$B$2/12,0)
F9:  =D9-E9
H9:  =C9-F9-G9
```

Nianze na E9 maana ndiyo moyo wa jedwali. Inachukua salio la mwanzo wa mwezi huo, inazidisha na riba ya mwaka iliyogawanywa kwa 12, basi. F9 ni rejesho kutoa riba. H9 ni salio la mwanzo kutoa kilichopunguza deni, kutoa nyongeza kama ipo. Angalia vizuri kwamba riba haitolewi kwenye salio la mwisho. Kosa ninaloliona sana kwenye majedwali ya watu ni kuandika `=C9-D9`, yaani wametoa rejesho lote kwenye deni, hapo deni linaisha mwezi wa 11 kwenye makaratasi yao wakati benki bado wanadai.

D9 ndiyo inaonekana ndefu lakini kazi yake ni ndogo: lipa rejesho la kawaida, ila kama deni lililobaki pamoja na riba yake ni dogo kuliko rejesho, lipa hicho kilichobaki tu, na kama huu ni mwezi wa mwisho, lipa chote kilichobaki hata kama kimezidi rejesho kidogo.

B9 inaleta tarehe. Ikikuonyesha namba ya ajabu kama 46058 usiogope, ni tarehe hiyo ila seli haijawekwa fomati ya tarehe, badilisha fomati tu. Na nimeifanya ihesabu kutoka B4 kila mara, sio kutoka tarehe ya mstari wa juu yake, kwa sababu kama mkopo ulichukuliwa tarehe 31 Januari, Februari itakuja 28, na ukihesabu Machi kutoka kwenye hiyo 28 unabaki na 28 miezi yote. Ukihesabu kutoka mwanzo inarudi yenyewe 31 Machi.

Mstari wa 10 unabadilisha vitu viwili tu:

```
A10: =A9+1
C10: =H9
```

Zingine B, D, E, F na H zikopi kutoka mstari wa 9 zishushe mstari wa 10. Kisha chagua mstari wote wa 10, kuanzia A10 mpaka H10, shika ile kona ndogo ya chini kulia uburute mpaka mstari wa 20. Usiburute kuanzia mstari wa 9 maana C9 inasoma B1, ukiishusha itasoma B2, na huko kuna riba.

Zile alama za dola, `$B$2`, zinaizuia seli isihame wakati unaburuta. Ukizisahau, mwezi wa kwanza utakuwa sahihi kabisa, wa pili utasoma B3, yaani 12, kama riba, na namba zitalipuka. Kwa hiyo ukiona mstari wa kwanza uko poa na kuanzia wa pili ni vurugu, usitafute mbali, ni dola. Kwenye kompyuta bonyeza F4 ukiwa umesimama kwenye jina la seli ndani ya fomula, zinajiweka zenyewe.

Ukimaliza jedwali lako linatakiwa lisome hivi, nimeweka miezi michache ili ulinganishe (rejesho, riba, deni la msingi, salio):

```
1    550,080   90,000   460,080   5,539,920
2    550,080   83,099   466,981   5,072,939
3    550,080   76,094   473,986   4,598,953
6    550,080   54,443   495,637   3,133,908
11   550,080   16,138   533,942     541,950
12   550,079    8,129   541,950           0
```

Umeona mwezi wa 12? 550,079, pungufu shilingi moja. Hiyo ni kwa sababu kila mwezi tumeondoa senti, na senti hizo zinajikusanya mahali, lazima rejesho la mwisho lizibebe. Kwenye mkopo mrefu tofauti inaweza kuwa shilingi nyingi kidogo lakini haiwezi kuwa maelfu kwa maelfu. Ukiona rejesho la mwisho limetofautiana sana na mengine wakati hujagusa kitu, kuna kosa.

Mwezi wa 6 pia uangalie. Umefika nusu ya muda lakini deni ni 3,133,908, bado haujafika nusu ya milioni 6. Hapo ndipo watu wanapogombana na benki. Hamna wizi hapo, ni vile miezi ya mwanzo riba inakula sehemu kubwa ya rejesho. Kwenye mkopo wa mwaka mmoja tofauti ni ndogo, kwenye wa miaka mingi ni kubwa mno.

Kujihakikishia

Chini ya jedwali, mstari wa 22, jumlisha kolamu za D, E, F na G. Riba yote ni 600,959 na jumla ya marejesho ni 6,600,959. Halafu kwenye seli ya pembeni weka hii:

```
=F22+G22-B1
```

Jibu lazima liwe 0. Ikiwa 0 maana yake kila shilingi uliyokopa imelipwa mara moja tu. Ikija namba nyingine, kuna seli umeiandika kwa mkono au fomula imekatika katikati.

Kuna njia nyingine ya kuhakiki mgawanyo, Excel ina fomula zake za kugawa rejesho moja kwa moja. Hii ni riba ya mwezi ulio A9:

```
=IPMT($B$2/12,A9,$B$3,-$B$1)
```

Na ukiweka `PPMT` badala ya `IPMT` unapata upande wa deni la msingi. Mwezi wa kwanza zitakupa 90,000 na 460,079.96, karibu sawa kabisa na za kwetu. Mtu atauliza sasa kwa nini tusizitumie hizo tangu mwanzo. Kwa sababu hizo zinaamini kwamba umelipa kama ilivyopangwa kila mwezi bila kukosa wala kuzidisha. Siku ukilipa nyongeza, au ukichelewa, zenyewe hazijui, zinaendelea kukupa mgawanyo wa mkopo ambao haupo tena. Jedwali letu linasoma salio halisi kwa hiyo linafuata maisha yako yalivyo. Tumia `IPMT` kuhakiki siku ya kwanza basi.

Ukipata hela ukataka kupunguza deni

Hapa ndipo jedwali linakulipa. Tuseme mwezi wa 4 umevuna au umepata bonasi, una milioni 1 ya ziada, umelipa siku hiyohiyo ya rejesho. Andika 1000000 kwenye G12 (mwezi wa 4 uko mstari wa 12) uone kinachotokea. Salio la mwisho wa mwezi huo linashuka kutoka 4,117,857 kwenda 3,117,857, riba ya mwezi wa 5 inashuka kutoka 61,768 kwenda 46,768, na mkopo unaisha mwezi wa 10, rejesho la mwisho likiwa 532,528. Miezi ya 11 na 12 inasoma sifuri. Riba yote inakuwa 483,248, yaani umeokoa 117,711 kwa kulipa mapema hela ambayo ungeilipa tu.

Lakini subiri, sio kila mkopeshaji atafanya hivyo. Wengine ukilipa nyongeza wanaacha muda uleule na kukupunguzia rejesho. Kwa mfano wetu rejesho lingeshuka mpaka 416,496 kuanzia mwezi wa 5, unapumua kila mwezi lakini riba unayookoa ni kama elfu 68 tu badala ya 117. Ukitaka kuiona hiyo kwenye jedwali, fomula ya D inabadilika iwe inapiga rejesho upya kila mwezi kwa salio na miezi iliyobaki:

```
=ROUND(PMT($B$2/12,$B$3-A9+1,-C9),0)
```

Hela ile ile, siku ile ile, na tofauti ya karibu elfu 49 imetokana na fomu gani umejaza kaunta. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa na uandike kwenye barua kwamba unataka muda upungue, na uliza pia kama kuna faini ya kulipa mapema maana mikataba mingine inayo, ikiwepo itoe kwenye hiyo 117,711 uone kama bado inalipa.

Na ukikosa rejesho? Andika 0 kwenye D ya mwezi huo. Mfano mwezi wa 6: kolamu F itasoma kutoa 54,443, yaani deni limeongezeka badala ya kupungua, na salio litapanda mpaka 3,683,988. Ukiangalia mwezi wa 12 utaona unadaiwa zaidi ya milioni 1.15 kwa mpigo, ni lile rejesho uliloruka pamoja na riba iliyojilimbikiza juu yake. Hapo bado hujaweka faini ya kuchelewa, hiyo ni ya mkataba. Kila seli unayoandika namba juu ya fomula ipake rangi ya njano, la sivyo baada ya miezi mitatu hutakumbuka wapi umegusa.

Kama mkopo wako ni wa riba ya flati

Hapa naomba usome taratibu, maana hapa hela nyingi zinapotea bila watu kujua. Riba ya flati ni ile inayohesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo miezi yote, hata kama deni lishapungua. Mkopo uleule milioni 6, asilimia ileile 18, miezi ileile 12. Riba inakuwa 1,080,000, unajumlisha na mkopo unagawa kwa 12, rejesho ni 590,000. Kwenye shiti (kopi shiti nzima kwanza, usiharibu ya kwanza) unabadilisha seli mbili, ya pili unaiburuta mpaka chini:

```
B5:  =ROUND((B1+B1*B2*B3/12)/B3,0)
E9:  =ROUND($B$1*$B$2/12,0)
```

Sasa tazama kolamu ya riba: 90,000 mwezi wa kwanza, 90,000 mwezi wa 6, 90,000 mwezi wa 12. Mwezi wa kwanza ni sawa, unadaiwa milioni 6. Lakini mwezi wa 12 unaanza ukiwa unadaiwa 500,000 tu, na unalipa riba elfu 90 juu ya hiyo laki tano. Hiyo ni asilimia 18 kwa mwezi mmoja.

Kupata riba ya kweli ya mkopo huo, ukiulinganisha na ule wa salio linalopungua, andika:

```
=RATE(12,-590000,6000000)*12
```

Inakuja kama asilimia 31.7 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu akikwambia yeye anatoza 18 flati na mwingine anatoza 24 kwa salio linalopungua, huyu wa 24 ndiye nafuu, na ni nafuu kwa mbali. Usilinganishe asilimia mbili kabla hujajua kila moja inahesabiwa juu ya nini. Swali la kumuuliza afisa mikopo ni moja tu: riba ya mwezi wa mwisho itakuwa shilingi ngapi? Akikutajia namba sawa na ya mwezi wa kwanza, ni flati, hata kama kwenye bango wameandika vingine.

Kulinganisha na karatasi ya mkopeshaji

Omba ratiba ya marejesho uliyotakiwa kupewa pamoja na mkataba, uiweke pembeni ya jedwali lako. Kuna uwezekano mkubwa namba zisifanane mpaka shilingi ya mwisho, na sababu za halali zipo. Ya kwanza ni siku. Benki nyingi hazigawi mwaka kwa 12, zinahesabu siku zilizopita kutoka rejesho hadi rejesho na kugawa kwa 365. Kwenye mfano wetu kutoka 5 Januari mpaka 5 Februari ni siku 31, riba ya mwezi wa kwanza inakuwa 91,726 badala ya 90,000, halafu inayofuata, kutoka 5 Februari mpaka 5 Machi 2026, ni siku 28 kwa hiyo inashuka mpaka 76,520 wakati kwetu ni 83,099. Yaani ukiona riba kwenye karatasi yao inapanda na kushuka kufuata urefu wa miezi, ndiyo hiyo. Badilisha E ifanane nao:

```
E9:   =ROUND(C9*$B$2*(B9-$B$4)/365,0)
E10:  =ROUND(C10*$B$2*(B10-B9)/365,0)
```

E10 ndiyo unaiburuta chini. Rejesho la mwisho halitakuwa tena 550,079, litabeba tofauti zote za siku, hilo ni la kawaida.

Sababu ya pili ni tarehe ya kuanza. Kama hela iliingia tarehe 5 lakini makato ya kwanza yalikuwa mwisho wa mwezi unaofuata, kuna siku za zaidi hapo katikati na riba yake lazima ionekane mahali, aidha imeongezwa kwenye rejesho la kwanza au kwenye deni. Ya tatu ni bima na ada. B1 inatakiwa iwe kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba, sio kilichoingia kwenye akaunti. Kama walikata laki na nusu ya ada na bima ukapokea 5,850,000, riba bado inahesabiwa kwenye milioni 6, na ukitaka kujua gharama ya kweli weka 5850000 na rejesho 550080 ndani ya `RATE` ileile ya juu, utaona 18 imekuwa kama 22.9.

Njia rahisi ya kutafuta tofauti ni kutokimbilia jumla. Anza na riba ya mwezi wa kwanza peke yake, hiyo ina salio moja linalojulikana na wote, milioni 6. Chukua riba waliyoandika wao, gawa kwa 6,000,000, gawa kwa idadi ya siku, zidisha na 365. Ikija 0.18, yaani asilimia 18, au karibu yake, wanahesabu kwa siku na mko pamoja. Ikija mbali, jaribu kuigawa kwa 6,000,000 halafu zidisha na 12. Isipokuja 0.18 kwa njia zote mbili, hapo una swali la kwenda nalo benki, na unalo kwenye mstari mmoja ambao afisa yeyote anaweza kuuangalia mbele yako. Mwezi wa kwanza ukikubali, nenda wa pili, uangalie salio la mwisho kwanza kabla ya riba, kwa sababu salio likiwa limetofautiana riba itatofautiana tu na hutajua kosa lilianzia wapi. Mstari wa kwanza ambao salio la mwanzo linafanana lakini la mwisho halifanani, ndio wenye tatizo. Uweke alama, piga picha, nenda nao.